Mstari wa Sita

Seva zetu zilikuwa sita, na hakuna mbili zilizonunuliwa mwaka mmoja. Moja ilikuwa Bunda, chini ya meza ya tawi. Tano zilikaa Musoma, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi yetu ya Mwisenge ambacho zamani kilikuwa stoo ya mabomba. Feni za zile mashine zilivuma kutwa, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo niliyokuwa naimwaga mwenyewe kila asubuhi. Barua yangu ya ajira ilisema Afisa TEHAMA. Kwenye mradi wetu wa maji waliniita mtu wa kompyuta tu, na sikuwahi kuona sababu ya kubishana nao.

Mashine zilikuwa zimechoka. Diski zilikufa moja moja, na ili kupata nyingine ya aina ile ilinibidi niinyofoe kwenye mashine iliyokufa kabla. Ajabu yake ni kwamba hazikufa kwa kazi nyingi. Nilizipima mwezi mzima, nikakuta kila moja inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Muda mwingi zilikuwa zimewaka bure, zinakula umeme na kutoa joto. Ndipo nikaamua kumwandikia meneja pendekezo: tununue seva moja mpya yenye nguvu, na ndani yake tuziweke hizi zote kama mashine pepe. Kwa asiyejua, mashine pepe ni kompyuta isiyo na boksi lake. Inaishi ndani ya seva kubwa pamoja na wenzake, imetengewa kumbukumbu yake na diski yake, na inafanya kazi kana kwamba iko peke yake.

Niliandika kurasa kumi na moja. Sijisifu nikisema zilikuwa nzuri, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa nzuri kweli. Katika ukurasa wa nne palikuwa na jedwali la mistari sita, kila seva na mstari wake: umri, kazi yake, mtumiaji wake, na tutaifanya nini. Mistari mitano ya kwanza niliandika "ihamishwe". Mstari wa sita, safu ya mtumiaji, niliandika "hakuna", na mbele yake "izimwe".

Hiyo ya sita ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote. Ilikaa chini kabisa, imebandikwa karatasi yenye neno moja, Butiama, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha kazi kabla sijaajiriwa. Nyuma yake palichomekwa modemu ndogo yenye antena, na nilidhani ni mabaki ya enzi zile intaneti ilipokuwa inapitia kwenye simu. Kwenye waya wa mtandao sikuona chochote kikiingia wala kutoka. Nikafanya wanavyofanya wenzangu wengi wakikuta mashine isiyo na mwenyewe: unaichomoa kwenye mtandao, unasikiliza nani atalalamika. Wiki moja, kimya. Nikaizima kabisa, nikasubiri wiki mbili zaidi. Kimya. Kwangu lile lilikuwa jibu.

Meneja wetu alikuwa mama wa makamo aliyeanzia kazi kwenye pampu, na alisoma kila kitu akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Aliniita siku mbili baada ya kumpelekea.

"Hii seva moja ikifa," alisema kabla sijakaa vizuri, "si tumekufa wote?"

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nikamweleza kwamba seva mpya ingekuwa na vifaa viwili viwili vya umeme, na diski zilizopangwa ili moja ikifa kazi iendelee. Tena, ile changa kati ya zile kuukuu tungeibakiza kama akiba. Kila usiku ingepokea nakala za mashine pepe zote, na siku ya balaa ingeweza kubeba zile tatu tusizoweza kuishi bila hizo. Akauliza kuhusu Bunda, seva yao ikihamia Musoma na mawasiliano yakikatika watahudumiaje watu. Nikamwambia ukweli, kwamba watasimama hadi yarudi, ndiyo maana nimependekeza laini ya pili. Aliandika kitu pembeni. Nilianza kujisikia vizuri.

Kisha kalamu ikashuka hadi mstari wa sita.

"Hakuna mtumiaji. Umejuaje?"

"Niliizima, Mama. Wiki tatu sasa tangu niichomoe. Hakuna aliyelalamika."

Akaiweka kalamu mezani. "Mimi nimekaa Butiama miaka minne," akasema. "Kule watu hawalalamikagi. Wanatafutaga njia. Umeenda kuuliza, au umekaa hapa unasikiliza?"

Alinirudishia karatasi bila saini na kuniambia gari la ofisi lingekwenda Butiama kesho yake. Nilitoka pale nimekasirika, nasema kimoyomoyo kwamba watu wa mabomba wasingeniachia mimi mabomba yao, basi na wao waniachie kompyuta zangu. Nilikuwa na hasira hizo hizo hadi tulipopita Makutano.

Kituo chetu cha Butiama kilikuwa nyumba ya matofali yenye pampu mbili, chini ya kilima. Tangi lilikuwa juu ya kilima. Kazi ya mwendesha pampu ilikuwa rahisi kuieleza: tangi likipungua awashe, likijaa azime. Asipozima kwa wakati, maji yanamwagika mteremkoni kwenye mihogo ya watu. Asipowasha, nyumba za juu zinakauka. Kutoka kwenye pampu tangi huwezi kuliona ndani, na hata ungeliona usingejua kina chake.

Nilimkuta mwendesha pampu, mzee mmoja, amekaa mlangoni, ameunyoosha mguu wa kushoto kwenye kigoda. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi. Karibu. Umekuja kusoma mita?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kompyuta moja ya Musoma iliyoandikwa Butiama, kama anaijua. Akatikisa kichwa, kompyuta yeye haijui. Nikamuuliza anajuaje kina cha tangi. Akatoa mfukoni simu ndogo ya vitufe, akanionyesha meseji zimepangana, moja kila saa, zote fupi: TANGI, kisha namba. Ya mwisho ilikuwa ya siku ile ile niliyoizima ile mashine.

Nilielewa nikiwa bado nimeshika simu yake. Kule juu kulikuwa na kipimo chenye laini yake ya simu. Kila saa kilituma kina cha maji kwa ile modemu niliyoiita mabaki, seva ikakihifadhi, kisha ikamtumia mzee meseji kwa modemu hiyo hiyo. Kila kitu kilipita hewani, ndiyo maana kwenye waya wa mtandao sikuona kitu. Nilikuwa nimesikiliza mlango usiotumiwa na mtu.

"Sasa hizi wiki mbili unafanyaje?"

"Napandaga," akasema. "Asubuhi, mchana, na jioni."

"Mbona hukutupigia simu, mzee?"

Hakuonekana kuudhika. "Nilipigaga. Siyo safari hii, ile nyingine. Meseji ilikata, nikapiga, wakasema watakuja. Nikaandika barua, nikaandika na nyingine. Miezi mitano. Siku moja zikaanza zenyewe. Safari hii nikasema, aa, salio lao limeisha tena. Nikapanda."

Ilikuwa saa sita, wakati wake wa kupanda. Nikamwambia nitapanda mimi. Akasema kifuniko kina namna yake, nitakidondosha. Tukapanda kilima pamoja, yeye mbele. Ngazi ya tangi ilikuwa ya chuma, imesimama wima ukutani, haina kizuizi mgongoni, nami nikabaki chini nimeishika ingawa ilikuwa imefungwa kwa nati na haikuhitaji kushikwa. Kila hatua aliweka mguu wa kulia kwanza, kisha akauvuta wa kushoto ambao goti lake halikukunjika vizuri. Juu alifunua kifuniko, akachovya ufito wenye alama, akausoma, akafunika. Kushuka kulimchukua muda mrefu kuliko kupanda. Nilipiga hesabu bila kutaka: mara tatu kwa siku, siku kumi na nne. Niliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli.

Nikampigia meneja nikiwa pale pale chini ya tangi. Nilimweleza kwa ufupi na nikamwomba amtume mtu awashe ile mashine. Akasema ataiwasha mwenyewe.

"Nibonyeze ipi?"

"Ya chini kabisa, Mama. Yenye antena nyuma."

Nilisikia hatua zake, mlango, kisha mvumo wa feni. Saa moja baadaye tulikuwa tunakunywa chai mlangoni kwa mzee simu yake ilipolia. Aliisoma, akalinganisha na alichokiona kwenye ufito, akasema ziko sawa.

Pendekezo niliandika upya. Mstari wa sita ndio ulionipa kazi kuliko yote, kwa sababu mashine pepe haina tundu la kuchomekea modemu. Ningeweza kuichomeka kwenye seva mpya, lakini siku seva hiyo ikifa na kazi ikahamia kwenye ile ya akiba, modemu ingebaki nyuma. Nikaongeza kiboksi kidogo kinachopokea waya wa modemu na kuipeleka kwenye mtandao, ili mashine pepe iifikie popote itakapokuwa. Kwenye safu ya mtumiaji nilifuta maneno kama "idara ya ufundi" katika mistari yote sita. Niliandika mtu na namba yake ya simu, yule atakayepigiwa kabla ya kuzima. Meneja aliisoma safu hiyo kwanza, kisha akasaini.

Tulihamisha seva moja kila wikiendi. Nilinakili diski yake, nikaigeuza kuwa mashine pepe, nikaiwasha ikiwa imetengwa na mtandao, nikaikagua, ndipo nikaizima ile ya zamani. Ya Butiama niliiacha mwisho. Asubuhi yake nilimpigia mzee, nikamwambia nazima sasa, atakosa meseji ya saa nne, ya saa tano ataipata.

"Basi ile ya saa nne nipande?"

"Usipande, mzee. Jana jioni lilikuwa limejaa. Kaa tu."

"Haya. Nakaa."

Kuhamisha kulikwenda vizuri, isipokuwa modemu iligoma mwanzoni hadi nilipopatanisha kasi yake na ya kiboksi. Saa tano na dakika mbili mzee akanipigia.

"Imekuja," akasema.

Nikamshukuru kwa kusubiri. Nilimsikia akihema, na kitu kikaanguka sakafuni, kisha kingine.

"Ni viatu hivyo, navivua," akasema. "Nilikuwa nimeshavaa nipande."