Swali la Ng'ombe wa Nyongesa

Waliosoma kwa Mwalimu Walubengo, karibu na Kamukuywa, wanakumbuka kwamba mitihani yake ya Kiswahili ilijaa miti, mawe na milima. Mti huu ni mrefu kuliko ule. Mlima huu ni mkubwa kuliko yote. Binadamu hakuwemo. Wapo waliosema mwalimu hakuwa na ubunifu, na hao walimwonea bure, maana ubunifu alikuwa nao tele na ndio uliomponza.

Mwaka wa 1951 alikuwa kijana, ametoka chuo cha ualimu juzijuzi, na alipenda sana kupendwa. Shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Kitale, ilikuwa imelitengea darasa lake la nne nafasi moja tu, na mtihani wake wa Kiswahili ndio ungeamua. Wasichana wawili walikuwa wakikabana koo: Edah binti Mukhisa na Rispah binti Nyongesa.

Walubengo akataka mtihani uwe na ladha ya nyumbani. Alipofika kwenye kulinganisha, aliandika ubaoni: "Mzee Mukhisa ana ng'ombe ishirini. Mzee Kemboi ana ng'ombe tisa. Mzee Nyongesa ana ng'ombe mmoja." Chini yake akaweka maswali mawili. La kwanza, linganisha Mukhisa na Kemboi ukitumia "kuliko". La pili, nani maskini zaidi ya wote? Jibu kwa sentensi kamili.

Watoto walicheka kuona majina ya wazazi wao ubaoni, naye akacheka nao. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kweli. Maradhi yalikuwa yamepita zizini kwa Nyongesa na kumwachia jike mmoja.

Jioni alisahihisha. Swali la kwanza Rispah alikuwa ameandika, "Mzee Mukhisa ni tajiri kuliko Mzee Kemboi." Akampa alama mbili. La pili aliandika, "Baba yangu ni mpole kuliko wote." Sentensi ilikuwa safi, haina kasoro, lakini sicho kilichoulizwa. Mtoto huyu hakusoma swali, Walubengo alijiambia, akachora X nyekundu, alama mbili zikaenda. Edah alipata arobaini na saba, Rispah arobaini na sita. Kesho yake asubuhi jina la Edah likaenda posta.

Siku iliyofuata akarudisha karatasi na kufanya masahihisho kama alivyofundishwa chuoni: mwalimu asome swali, darasa zima lijibu kwa pamoja.

"Nani maskini zaidi ya wote?" akasoma.

"Mzee Nyongesa ni maskini zaidi ya wote," watoto arobaini wakaitikia, kwa sauti ya kufika barabarani.

Mdomo mmoja haukufunguka. Rispah alikuwa ameinamisha kichwa, akiikunjakunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Hapo ndipo Walubengo alipoelewa kwamba mtoto yule alisoma swali vizuri sana. Uso ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haina huruma na mwalimu mjinga. Akasema, kwa sauti isiyo yake, "Tuendelee na swali la tatu."

Saa kumi alikwenda kwa Nyongesa, ile karatasi ya Rispah, aliyoiokota chini ya dawati, ikiwa mfukoni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno matamu. Nyongesa alimpokea kwa mikono miwili, akampa kiti pekee cha nyumba ile, yeye akakaa juu ya gogo. Mkewe akaleta uji.

"Mwalimu, tumesikia mtoto ameanguka," alisema Nyongesa. "Mimi sijui kusoma. Hebu nisomee pale alikosa, nimwambie ajitahidi."

Maneno matamu yote yakampotea. Walubengo akaikunjua karatasi. Angeweza kusoma swali lingine, na aibu hii ya pili ndiyo iliyomkaa maisha yote: kwamba aliliwaza hilo. Lakini Rispah alikuwa amesimama mlangoni. Akasoma ng'ombe ishirini, ng'ombe tisa, ng'ombe mmoja. Akasoma swali. Akasoma alichoandika mtoto.

Nyongesa alisogeza gogo lake karibu.

"Ng'ombe ni mmoja, hapo hujadanganya," alisema. "Sasa niambie, Mwalimu. Huyu mtoto alikuwa anajua jibu ile ulitaka?"

"Alijua, mzee."

"Na ile ameandika, ni Kiswahili mbaya?"

"Ni Kiswahili kizuri."

"Basi ameanguka wapi?"

Walubengo alimtazama Rispah, akatazama uji, akakosa pa kuweka macho. Kitale hawakubadilisha jina, ingawa aliwaandikia barua tatu za kukiri kosa lake. Na mtihani wake uliofuata ulianza na mti mrefu na mti mfupi.