Swichi Iliyo Nyuma ya Pazia

Mimi nilikuwa fundi umeme, lakini nyumbani kwa mama mkwe, Usagara, ufundi wangu uliishia kwenye pazia. Kwa heshima hatukutazamana usoni. Alisema nami akiwa nyuma ya pazia, kwa kumpitia mke wangu, aliyesimama mlangoni.

"Mwambie mumeo ile swichi ya usalama aliyoifunga ni mbovu. Kila tangi likianza kupasha maji, inajikata."

Mbovu wapi! Maji yakishapata moto na koili, kile chuma cha kupashia maji ndani ya tangi, ikajizima, swichi ilitulia. Koili ikiwaka tena, tap! Nikafungua nyaya za koili, swichi haikujikata kabisa. Basi koili ilikuwa imetoboka, umeme ukavujia kwenye bati la tangi, na swichi ile ndiyo iliyokuwa ikituokoa. Nikaacha nyaya zimefunguliwa, nikaeleza, nikaapa, nikaenda kutafuta koili mpya.

Niliporudi adhuhuri, pazia likasema, "Mwambie mumeo asijisumbue. Fundi wa jirani amerudisha nyaya, akakata ule waya unaoingia ardhini. Swichi haijikati tena."

Ya Rabi! Bila waya ule swichi ilikuwa kipofu kwa umeme unaovuja, na tangi zima lina umeme.

"Mwambie asimame mbali na bomba!"

"Mwambie mumeo naenda kuoga."

Nikalipasua pazia, nikapiga mbio hadi mlango wa bafu, nikazima swichi kubwa ya nyumba. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, kopo mkononi, macho kwa macho kwa mara ya kwanza tangu nioe.

Akamtazama bintiye aliyekuwa nyuma yangu.

"Mwambie mumeo avue viatu."