Mgeni mwenye picha ya binti yangu

Simu ninayotumia alinitumia binti yangu kutoka Maskati, anakofanya kazi za nyumbani. Programu aliyoniwekea tuandikiane inasema Kiingereza, na mimi ni katekista wa parokia, mapadri walinifundisha Kifaransa na Kilatini kidogo. Kwa miaka miwili hilo halikunisumbua. Humo ndani tulikuwa mimi na yeye tu.

Jumapili moja, baada ya misa, simu ilitikisika mfukoni. Tulikuwa na siku kumi na moja bila neno lake, kwa hiyo niliifungua nikiwa bado nimesimama uani kwetu, mtaa wa Musaga. Lilikuwa jina lake, lakini picha ilikuwa na ukungu, na juu yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo sikuwahi kuyaona. Chini ujumbe ulisema: "Baba, ni mimi. Hii ni namba mupya. Nikubalie haraka."

Mke wangu alisoma juu ya bega langu. "Si anakuambia haraka? Bonyeza."

"Nibonyeze wapi? Vitufe viko vitatu."

Nilimtumia kwanza binti yangu neno kwenye namba yake ya zamani, ile niliyoijua: "Mama, ni wewe umeniandikia kwa namba nyingine?" Ninamwita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu, na yeye huniita mwanangu, hata mbele ya wageni. Alama ya tiki ilitokea moja, ikabaki moja. Maana yake ujumbe umeondoka lakini haujaifikia simu yake.

Tulikwenda kwa jirani, mwalimu wa Kiingereza mstaafu anayeimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Alivaa miwani, akasoma polepole, kisha akasoma tena.

"Katekista, hapa wanasema uangalie vizuri. Kuna mutu mwingine kwenye simu yako mwenye jina hili hili. Tena hamuna kikundi hata kimoja pamoja."

"Huyo mwingine ni binti yangu."

"Ndiyo, na huyu anasema naye ni binti yako. Kuna wezi wanachukua jina na picha ya mutu." Aligusa ule ukungu, uso wa binti yangu ukatokea, amevaa kitambaa cha bluu. "Picha inaibiwa kama nguo kwenye kamba. Kitufe hiki ni cha kumuzuia, hiki cha kumushitaki, hiki cha kumukubali. Usipokubali, hatajua hata kama umesoma."

"Basi anasimama mulangoni kwetu na sisi tunanyamaza," mke wangu alisema.

Hilo liliniuma. Kwetu mtu akibisha anajibiwa, hata kama ni kumwambia aende. Lakini kuna jambo nilikuwa nimeliona tangu uani na nikaogopa kulitamka: ujumbe ulisema Baba. Binti yangu haniiti Baba.

Niliposema hivyo, mke wangu aliketi.

"Ukimukubali ataona jina lako na picha yako, na anaweza kukupigia," mwalimu alisema. "Lakini si mwisho wa dunia. Muulize kitu. Akishindwa, tunamuzuia hapa hapa."

Niliomba kimoyomoyo, nikabonyeza. Niliandika: "Mimi ni nani kwako?"

Tulingoja. Mwalimu alichemsha chai, hakuna aliyeinywa. Kisha maneno yakaja, moja baada ya jingine.

"Mwanangu, mbona unanihoji kama polisi. Umekula?"

Mke wangu alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Lakini ujumbe wa pili ulikuwa umeshafika: bosi alikuwa amemnyang'anya simu, naye alikuwa ametoroka na begi moja, na sasa yuko kwa dada mmoja wa kikundi chao cha sala. Ule ujumbe wa kwanza aliuandika kwa haraka, akasahau hata kuniita mwanangu. "Usiandike kule kwa zamani. Simu iko kwa bosi, namba ya kufungulia anaijua, na Kiswahili anakisoma kuliko sisi. Asijue kama tumeongea."

Nilishika meza. Nilikuwa nimekwisha kuandika.

"Tiki ni ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Moja."

"Basi simu ile bado imezimwa. Lete."

Alinionyesha mahali pa kufuta kwa watu wote, si kwangu tu. Nilibonyeza mwenyewe. Maneno yangu yakaondoka, ikabaki alama kwamba kitu kimefutwa. Alisema simu ile ikiwaka bosi ataona hiyo alama, si maneno. Sikujua kama hiyo inatosha. Hata yeye hakujua.

Nilimweleza binti yangu yote bila kujitetea. Akaandika: "Si kitu, mwanangu. Kesho dada ananipeleka ambasade, ubalozini. Izuie ile namba."

Nilimshukuru Mungu kwa huyo dada nisiyemjua. Kisha nikafungua ile namba niliyoisalimia kila asubuhi kwa miaka miwili, nikamtazama binti yangu akicheka pichani, nikamuuliza mwalimu kitufe cha kuzuia ni kipi.