Mshahara Ambao Sikuutaja Bungoma

Kwa miaka kadhaa nilisimamia stoo ya mbegu na mbolea mjini Kitale. Mke wangu alifundisha Bumula, karibu na Bungoma, akiishi huko na watoto, nami nikawa baba wa Jumamosi na Jumapili. Kampuni moja ya Bungoma ilipotangaza kazi ya msimamizi wa maduka yake matatu, nikaomba. Wakaniita kwa mahojiano.

Kilichonitia wasiwasi ni mshahara wangu wa wakati huo, shilingi elfu thelathini na nane. Tajiri wangu wa Kitale alikuwa mtu wa zamani. Alinipa chumba nyuma ya stoo bila kodi, maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi, na magunia ya mahindi baada ya mavuno. Watu wengi kwetu hulipwa hivyo na hawaoni ajabu. Lakini Bungoma ningelipa nyumba na kununua unga. Wangesikia elfu thelathini na nane, wangeniongezea kidogo kwa moyo mweupe, na ningeshindwa kuishi na watoto wangu.

Keshia wetu, mama mmoja mcheshi aliyewahi kuajiri watu katika kiwanda cha maziwa, alinifanyisha mazoezi ya mahojiano kaunta ilipokuwa tupu.

"Unalipwa ngapi sasa?" aliuliza, amekunja uso.

"Hiyo ni siri."

"Ati siri? Wewe ni jasusi? Mtu akikunyima jibu bila kukupa kingine, si unamshuku? Wape kitu cha kushika, bana."

"Nidanganye kidogo?"

"Usithubutu. Wakipiga simu hapa, umekwisha. Usiseme uongo, usiseme hesabu. Sema unachotaka, na kwa nini."

Basi nikafanya utafiti. Niliwapigia watu wawili wanaofanya kazi kama hiyo katika miji mingine, nikasoma matangazo ya kazi, nikapiga hesabu ya kodi ya Bungoma. Nikapata kiwango ambacho ningeweza kukitetea.

Siku ya mahojiano walikuwa wawili: mwenye kampuni, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha buluu, na mhasibu wake, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Maswali ya mbegu na wateja yalikwenda vizuri. Kisha mama akavua miwani.

"Sasa kijana wangu, huko Kitale unapata ngapi?"

Nimelelewa kumjibu mtu mzima anachouliza. Ulimi ulikuwa tayari kwenye "thelathini". Nikanywa maji.

"Mama, kwa heshima, ningeomba mshahara wa sasa nisiutaje. Kazi ile ni stoo moja, na malipo yake yamepangwa tofauti kabisa. Hii yenu ni maduka matatu, wafanyakazi, na safari za Kapsokwony kwa wakulima. Kwa majukumu hayo natarajia kati ya elfu sitini na tano na sabini na tano, kabla ya makato, marupurupu ya nyumba yakiwa humo. Ninyi mmetenga kiasi gani?"

Mhasibu akacheka. "Huyu anatuficha! Ama wanakulipa kwa mahindi?"

Nilicheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa karibu sana na ukweli.

"Lakini tutahitaji hati ya mshahara," akaendelea.

"Vyeti vyangu viko hapa," nikasema, "na nitawapa watu wawili wanaojua kazi yangu. Ya mshahara ningeomba ibaki kati yangu na mwajiri wangu wa sasa. Kama kiwango changu hakilingani na bajeti yenu, afadhali tujue leo, tusipotezeane muda."

Nje mtu alikuwa akibishania bei ya dawa ya kupe. Mama akamgeukia mhasibu wake.

"Tulisema mwisho sabini, sivyo?"

"Mama!" mhasibu akalalamika. "Si ungengoja?"

"Ningoje nini? Ametuambia anachotaka. Na safari za Kapsokwony," akaniambia, "utapewa pikipiki na mafuta. Hayo hayamo kwenye sabini."

Wiki iliyofuata walinipigia: sabini, pikipiki, mafuta. Niliomba barua kwanza. Ilipofika nikamwonyesha mke wangu, naye akaisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaenda kuuliza nafasi za nyumba upande wa mjini.

Tajiri wangu wa Kitale aliipokea notisi yangu kwa huzuni ya kweli.

"Wanakulipa ngapi hao?"

"Mzee, hiyo sitasema. Ila ukitafuta mtu wa nafasi yangu, tangaza mshahara wazi, na useme chumba, maziwa na mahindi vimo. Utapata mtu mzuri haraka."

Alinitazama, kisha akamwita keshia alete karatasi. Tangazo tuliliandika sisi watatu, na keshia ndiye aliyedai kiwango kipandishwe.