Shangazi Aliyefika Tanzania Bila Kutoka Uani

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua duka langu la simu pale Kuze, hata kahawa sijaimaliza, shangazi akaingia na buibui lake na uso wa mashtaka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Simu uliyoniuzia ni mwizi."

Alikuwa ametoka harusini Vanga, karibu kabisa na mpaka. Jioni nzima alimwonyesha bintiye aliye Nairobi bibi harusi kwa video. Salio lote likaisha, na bando alilonunua halikuguswa. Nikafungua jumbe zake. Wa kwanza kabisa ulikuwa unamkaribisha Tanzania.

"Mimi sikutoka uani!" akasema. "Na mume wangu, tangu auone ujumbe huo jana, aniuliza zawadi ya Tanga i wapi."

Nilijizuia kucheka, nikamweleza. Mawimbi ya mnara hayajui mpaka. Simu hutafuta mtandao wake wa nyumbani kwanza, lakini ukikosekana hata kwa muda mfupi, hushika wowote unaosikika ambao una mapatano na wetu. Na ikishashika wa nchi nyingine, yaweza kung'ang'ania hapo hata wa kwetu ukirudi. Bando la Kenya halitumiki huko, kwa hivyo hukatwa salio, tena kwa bei ya msafiri.

"Basi nimelipa nauli bila kusafiri."

"Ndiyo hivyo, shangazi."

Nikamzimia data ya nje ya nchi, na mahali pa kuchagua mtandao nikaondoa alama ya simu kujichagulia, nikaweka wetu peke yake. Nikamwonya kwamba ukikosekana, simu itakaa kimya tu.

Siku ya saba ya harusi, ambayo nayo ina karamu yake, akanilazimisha nimpeleke Vanga mwenyewe, nikaone kama kazi yangu ni ya kweli. Kwenye ua ule simu yake haikushika kitu. Akatoka nayo mkononi, akipima hatua kama fundi wa barabara, mpaka ukuta wa msikiti ndipo ikaamka. Akampigia mumewe akamtangazia, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba yuko Kenya.

Mimi nilikuwa nimemfuata hadi hapo msikitini, nimeketi kivulini nikitazama mpira kwenye simu yangu, nimejaa fahari ya ualimu. Ghafla picha ikakwama. Nikaangalia juu ya kioo: jina la mtandao halikuwa letu. Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kununua vioo vya simu, nikafungua data ya nje, nikasahau kuifunga.

Shangazi akaja akanisimamia. Nilijaribu kuificha simu.

"Lete nione, fundi."

Akasoma polepole, miwani puani, kisha akanitazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Karibu Tanzania, mwanangu," akasema. "Wataka nikuonyeshe pa kuzima?"

Nikaizima simu nzima, nikaiwasha upya, ikarudi Kenya. Salio halikurudi.