Kode Chini ya Ordinatere ya Ngungu

Hakuna mugonjwa hata mumoja wa santre yetu ya afya ya hapa Ngungu mwenye alidanganywa, hata mumoja! Njo habari ya muzuri kupita zote. Lakini Dada Laetitia, mwenye alikuwa anaingiza majina ya bagonjwa ndani ya ordinatere, ile kompyuta ya santre, alilipa peke yake.

Siku ya soko mwizi aliiba ile ordinatere ya kazi yenye ilikuwa inabebwa juu ya pikipiki. Ndani mulikuwa majina, namba za simu na magonjwa ya bantu. Papa Thierry, mukubwa wa santre, akabandika ku ukuta komunike, tangazo ya bafanyakazi: "Ordinatere imeibiwa. Iko na kode ya siri ya kuifungua, hakuna shida."

Laetitia akasoma, akaenda mbio kwa Papa Thierry. Ile mashine walikuwa wanatumia bantu tano, na kode yeye mwenyewe aliibandika chini yake na kikaratasi, sababu bote walikuwa wanaisahau.

"Papa, shida iko. Kode iliibiwa pamoja na mashine."

"Nyamaza, dada! Unataka serikali ifunge santre?"

"Bandika komunike ingine, ao mimi nitaambia bagonjwa."

Papa Thierry akabandika ingine. Ilisema ukweli wote: kila mufanyakazi abadilishe kode zake leo, na bagonjwa bote wapigiwe simu na kuambiwa wasijibu muntu mwenye kuuliza ugonjwa yao. Kesho yake mwizi akaanza kupigia bagonjwa simu. Bote wakamukatia.

Chini ya ile komunike ya pili, Papa Thierry akaongeza: "Laetitia amefukuzwa sababu ya kode yenye alibandika." Benzake bane, wenye walikuwa wanatumia ile kode pamoja naye, wakasoma, wakarudi kazini.

Tafazali mutumie bengine: muntu akikupigia na kuuliza ugonjwa yako, kata, enda kwa santre mwenyewe.