Kufuli la Rekodi za Wazee

Redio yetu ilikuwa na waongeaji wengi na mnyamavu mmoja, naye ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kompyuta, nyaya na hifadhi ya rekodi. Hewani sikuwahi kusikika hata nikikohoa. Nilipanga chumba Singe, pembeni ya mji, katikati ya mahindi na mbaazi, na kwa kuwa sikuzaliwa Babati wala sikuwa na ndugu huko, zilikuwepo Jumapili ambazo mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa muuza vocha. Silalamiki. Au tuseme nalalamika, lakini kwa adabu.

Aliyenifanya nijione nina wenzangu ni dada mmoja mtangazaji. Mwisho wa wiki alipanda bodaboda kwenda milimani kuwarekodi wazee: walivyohama, walivyooana, walivyolima kabla ya trekta. Baadhi yao walifariki kabla kipindi chao hakijarushwa. Akirudi alinipa rekodi nizihifadhi, kisha tunakwenda kunywa chai kwenye kibanda nyuma ya ofisi, ananimegea chapati bila kuniuliza kama nina njaa. Aliniita fundi, na fundi ni jina zuri ukiitwa na mtu aliyekuwekea kiti.

Tulipoanza kupeleka rekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni aliniuliza kama huko ni salama, maana hata yeye hakuwa na nakala nyingine. Nikamwambia ni salama, na nikajidai kidogo kumweleza kwa nini. Nilikuwa nimewasha utunzaji wa matoleo. Ukipakia faili juu ya jingine lenye jina hilohilo, la zamani halipotei, linabaki kama toleo la nyuma. Ukifuta kwa njia ya kawaida, mfumo unaweka alama ya kufutwa tu. Orodha itaonekana haina kitu, kumbe sauti ipo chini yake. Alinisikiliza kwa heshima ya mtu asiyeelewa, akasema basi ameniachia mimi.

Balaa likaingia kwa njia ya msiba. Redio ya mji kama wetu inaishi na matangazo ya vifo, na tangazo likija huulizi maswali mengi, kwa sababu kuna mtu kijijini Bonga anasubiri kujua mazishi ni saa ngapi. Asubuhi moja ililetwa barua pepe yenye faili lililoitwa tangazo la msiba. Likafunguliwa kwenye kompyuta ya studio. Ndani hamkuwa na marehemu yeyote. Siku chache baadaye mafaili yote ya ofisi yalikuwa yamegeuzwa maandishi yasiyosomeka, na kila kioo cha kompyuta kilikuwa na ujumbe wa kudai pesa ndipo tupewe ufunguo wa kuyafungua.

Nilichomoa nyaya za mtandao, nikaenda kuchukua laptop yangu iliyokuwa nyumbani, nikarudi nayo ofisini, nikaingia kwenye hifadhi kwa bando la simu yangu. Orodha ilikuwa tupu. Wezi hawa huwa wanaanza kwa kuharibu nakala, ili usiwe na pa kukimbilia. Kwenye kompyuta ya studio kulikuwa na programu ya kupakia rekodi, nayo ilitumia ufunguo wa akaunti yangu wenye ruhusa zangu zote. Walikuwa wameuchukua. Kumbukumbu ya mfumo ilionyesha mstari baada ya mstari: faili limefutwa, na mfutaji ni jina langu.

Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Dada alikuwa mlangoni.

"Hilo si jina lako?" meneja akauliza.

"Ni langu, bosi. Lakini aliyefanya si mimi."

"Sasa kama si wewe, ni nani?"

Jaribu kumweleza mtu mwenye hasira kwamba kuna mwizi asiye na sura, asiyejulikana yuko nchi gani, ambaye jina lake ni lako. Nikaacha kueleza, nikamwonyesha. Nilibofya matoleo yote yaonekane, na rekodi zikajitokeza, kila moja na alama ya kufutwa juu yake. Nikashuka chini kwenye kumbukumbu. Wezi walijua habari za matoleo, hivyo walirudi kuyafuta yenyewe, moja moja, na kila jaribio lilikuwa limekataliwa.

Lililowakatalia ni kufuli. Kila toleo lilipoingia lilifungwa kwa mwaka mzima, na mimi hukumbuka kuuongeza muda kabla haujaisha. Liko kufuli linaloweza kuvukwa na mwenye ruhusa maalumu. Nililoliweka mimi ni lile lisilovukwa na mtu. Muda wake unaongezwa tu, haupunguzwi, na mpaka uishe toleo halifutiki. Alama za kufutwa zenyewe hazifungwi, kwa hiyo nilikuwa na uwezo wa kuziondoa, na rekodi zikarudi kwenye orodha kama zilivyokuwa. Tulichopoteza ni kazi ya siku ya mwisho, ambayo haikuwa imepakiwa.

Nilidhani hapo watashangilia. Meneja alishusha pumzi, akaniambia niendelee. Dada alikuwa ameshaondoka mlangoni.

Nikafuta ule ufunguo ulioibwa, nikatengeneza mwingine unaoweza kupakia tu na si kufuta, nikasafisha kila mashine na kuipanga upya kabla ya kuirudishia chochote. Kisha nikaanza kushusha rekodi kwa intaneti yetu, ambayo siku ya upepo inakwenda kwa kusuasua. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi na sikuletewa hata maji. Watu waliokuwa wanaacha simu zao mezani kwangu zichajiwe wakaanza kuchajia studio. Salamu zilikuwepo, shikamoo na marahaba kama kawaida, lakini mazungumzo yalikuwa yanaisha nikifika. Chai nilikunywa peke yangu. Dada alikuwa na haraka kila siku.

Niliumia, sitaficha. Niliumia zaidi kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye mashine ya studio lile tangazo la msiba lilifunguliwa saa za zamu ya nani. Ilikuwa zamu yake. Yeyote angelifungua, na mtangazaji ambaye angekataa kufungua tangazo la msiba angeonekana hana utu. Kwenye taarifa kwa meneja niliandika kwamba kompyuta ya studio ndiyo iliyoanza kuingiliwa, nikaishia hapo. Sikufanya hivyo kwa wema mtupu. Niliogopa kwamba nikimtaja, nitakuwa nimebaki bila mtu kabisa.

Rekodi ya mwisho iliposhuka nilimwita. Akaja, akavaa spika za masikioni, nikamwekea rekodi ya mzee mmoja wa milimani akieleza alivyomtorosha mke wake. Mzee alikwama, akakohoa, na dada kwenye rekodi akacheka. Dada aliyekaa mbele yangu alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Nikajisemea, haya, yamekwisha.

Akavua zile spika, akazikunja waya taratibu.

"Ziko zote?"

"Zote, dada. Isipokuwa za ile siku ya mwisho."

"Na huko ziliko sasa hivi, hakuna mtu anayeweza kuzifuta?"

"Mpaka muda wa kufuli uishe, hakuna."

Akaangalia meza. "Na wewe je?"

"Siwezi."

"Hata ukitaka?"

"Hata nikitaka."

"Afadhali," akasema, na nikaona mabega yake yakilegea. Alinishukuru vizuri sana, kama mtu anavyomshukuru daktari asiyemfahamu, akarudi studio. Siku zote hizo hakuwa anawaogopa wezi. Alikuwa ananiogopa mimi.